Kufuta AnyDesk peke yake hakutoshi

"Wakuu, mama yangu alipigiwa jana na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja wa benki. Akamwelekeza apakue AnyDesk, amtajie namba zilizotokea, abonyeze hiki na kile. Mama aliposhtuka akakata simu. Salio lipo vilevile. Tukiifuta hiyo programu inatosha?"

Mkuu, haitoshi. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko la benki moja hapa Dar, na waliotuumiza roho zaidi ni wateja waliofuta programu, wakaona salio lipo, wakalala.

AnyDesk yenyewe ni programu halali, mafundi wa kompyuta wanaitumia kila siku, ndiyo maana simu haikuikataa. Namba aliyotaja mama ni anwani ya simu yake. Mwizi aliiandika upande wake, mama akabonyeza Accept, akakubali skrini ionyeshwe. Hapo mwizi anaona tu. Ili aweze na kubonyeza, simu nyingi za Android zinahitaji programu ya pili, AnyDesk control plugin, iliyoruhusiwa kwenye Accessibility. Kwenye aifoni hawezi kubonyeza kabisa. Lakini kuona tu kunamtosha.

Kuna mama mmoja muuza vitenge aliandika kwenye ukurasa wa benki mtandaoni kwamba muamala wake umekwama. Punde akapigiwa na mtu anayejua mpaka kiasi kilichokwama, kwa sababu alikiandika mwenyewe pale. Akaelekezwa kama mama yako. Programu ya benki ilikuwa imezuia skrini yake isirushwe, kwa hiyo mwizi aliona giza. Akasema kwa upole, "Basi mama, tujaribu kwa menyu ya nyota, weka namba yako ya siri tuone kama muamala utafunguka." Kwenye menyu ile tarakimu zilionekana wazi, moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kusajili programu ya benki kwenye simu yake yeye mwizi, kwa akaunti ya huyo mama. Meseji ya uthibitisho ikaingia kwenye simu ya mama, ikajitokeza juu ya skrini, mwizi akaisoma. Yule mama alijua fika kwamba namba ile hatajiwi mtu, na kweli hakumtajia mtu.

Jioni akaifuta AnyDesk. Usiku zikatoka shilingi 2,400,000, nyingi zikaingia kwenye laini za simu na kutolewa kwa wakala. Kiasi kidogo kilichopelekwa kwenye akaunti ya benki nyingine tulikikuta bado kipo, kikazuiwa, kwa sababu alipiga simu alfajiri. Angesubiri saa za kazi, nacho kingeondoka.

Kwa hiyo, sasa hivi, kabla ya kufuta chochote, zima data na waifai kwenye simu ya mama. Kwa kutumia simu yako, piga namba iliyo nyuma ya kadi yake, usiitafute gugo, maana huko nako wezi wameweka namba zao. Usiseme tu kwamba alipigiwa na matapeli. Sema hivi: mtu ameona skrini ya simu yake, naomba mfunge huduma ya benki kwa simu, na mwangalie kama kuna kifaa kipya kilichosajiliwa kuanzia jana. Kifaa hicho ndicho hatari yenyewe, na benki ndiyo inayoweza kukiondoa. Waulize pia kama kiwango cha kutuma kwa siku kimepandishwa na kama kuna mkopo ulioombwa. Omba namba ya malalamiko, uiandike.

Halafu rudi kwenye simu. Ingia Settings, kisha Accessibility, zima kila usichokitambua. Kisha ondoa AnyDesk na ile plugin, kwa sababu ni programu mbili na ukifuta moja nyingine inabaki. Usiiache AnyDesk eti haitumiki: mwizi akiwa ndani anaweza kuweka nywila yake, na safari ijayo asihitaji mama abonyeze Accept.

Namba za siri abadilishe baada ya hapo, si kabla, tena zote: ya benki, ya pesa za simu, na nywila ya barua pepe. Kama mama anatumia namba ileile ya siri kila mahali, na wazazi wetu wengi wanafanya hivyo, mwizi aliyeiona kwenye menyu ya nyota anazo zote.

Namba iliyompigia itume TCRA kwa meseji kwenda 15040.

Na mwambie mama mapema kwamba huyo mtu atapiga tena, kwa sauti nyingine na namba nyingine, akijiita wa kitengo cha usalama wa benki aliyegundua jaribio la jana. Atataja jina lake kamili na benki yake. Mama akate, asijieleze, na kama ana wasiwasi mpeleke tawini na kitambulisho chake.