Paneli Zangu Zilitazama Kusini

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Malindi. Amenunua paneli nne za sola, na shemeji yake aliye Hamburg amemsisitizia kwenye simu: zielekee kusini, ziinuliwe digrii 35. Anauliza kama ashike hilo. Niliusoma mara mbili, kwa sababu shauri hilohilo nililifuata mimi, na lilinipotezea mteja.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, nyumba ya wageni huko Shela, Lamu, dari bapa la simiti. Paneli nne za wati 250. Nilikuwa na kijitabu cha ufungaji kilichoandikwa Ujerumani na nilikiamini neno kwa neno. Nikachomelea fremu ya digrii 35, nikaielekeza kusini. Ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma, mbingu nyeupe, na betri zilijaa kabla ya alasiri. Mwenye nyumba alinisifu mbele ya watu barazani. Nilirudi nyumbani nikiona hakuna fundi kama mimi.

Mwezi wa sita akanipigia simu: friji inazima saa nane usiku, samaki wa wageni wameoza. Nilifuta paneli, nikakaza nyaya, kisha nikamwambia betri zimechoka. Akanunua mpya. Friji ikaendelea kuzima. Hilo la betri ndilo linaloniuma hadi leo, maana pesa zilikuwa zake na kosa lilikuwa langu.

Siku moja ya jua safi nilikuwa juu ya dari, saa sita imepita kidogo. Chaji kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri, ilisoma ampea 15, na hali betri zilikuwa na njaa. Nikatazama chini nikaona kivuli changu kimelalia kusini. Basi jua liko kaskazini, na paneli zangu zimelipa kisogo.

Hamburg iko karibu digrii 53 na nusu kaskazini ya ikweta. Huko jua la adhuhuri halifiki utosini hata siku moja. Mwaka mzima liko upande wa kusini, na Desemba huinuka digrii 13 tu juu ya upeo. Kwao paneli iliyosimama na kutazama kusini ni sawa kabisa. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini ya ikweta, Malindi digrii 3 na kidogo. Kwetu jua hupita utosini mara mbili: kati ya mwezi wa tatu, na tena mwisho wa mwezi wa tisa au mwanzo wa mwezi wa kumi. Katikati ya nyakati hizo liko kaskazini, kisha huhamia kusini hadi Machi nyingine.

Juni, adhuhuri ya Lamu, jua liko karibu digrii 26 kaskazini ya utosi. Paneli iliyoinamia kusini digrii 35 inapishana nalo digrii 61, na kwa pembe hiyo hupata nusu tu ya miale ya moja kwa moja. Ingelala bapa ingepata asilimia 90. Ikiinamia kaskazini digrii 10, asilimia 96. Desemba hiyo ya digrii 10 hushuka hadi asilimia 86, lakini wakati huo mbingu ni safi na umeme unabaki. Upungufu wetu huja wakati wa kusi na masika, basi paneli itazame kule jua liliko wakati wa dhiki.

Nilikata fremu nikaigeuza. Adhuhuri iliyofuata, jua lilelile, ampea 26. Mteja alilipa salio, na kazi yake iliyofuata akampa fundi mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Malindi, elekeza kaskazini, digrii 10. Paneli ya urefu wa mita 1.7 inataka upande wake wa kusini uinuliwe sentimita 30 tu. Usiilaze bapa kabisa: maji ya mvua yatatuama kwenye ukingo wa fremu, na vumbi, chumvi na kinyesi cha kunguru vitaganda hapo. Usiisimamishe sana pia, kusi litaing'ang'ania kama tanga. Kama bati lako limeinamia mashariki kidogo, fuata bati. Kwetu hasara yake kwa mwaka ni ndogo, tofauti na Hamburg. Na kabla hujatoboa, simamisha kijiti darini. Mwezi wa sita, Malindi, kivuli kifupi kabisa hutokea karibu saa sita na dakika 20, nacho kitaelekea kusini. Mpigie picha umtumie shemeji.

Siku za wingu zito mwanga hutoka pande zote na pembe haisaidii kitu. Siku za jua nazo, angalia minazi: kivuli cha kuti moja juu ya paneli hupunguza umeme zaidi kuliko kosa la digrii tano.