ROLLBACK imejibu, lakini data haikurudi

Swali: Habari kaka. Nina miezi minne tu kazini. Leo asubuhi nimeendesha skripti ya kufuta namba za simu kwenye hifadhidata ya majaribio, kumbe niko prodakshoni. Nimeandika ROLLBACK haraka sana lakini namba hazijarudi. Kwa nini? Na nifanye nini kabla bosi hajajua?

Jibu: Mdogo wangu, mwambie kiongozi wako sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Na tafadhali usiandike skripti ya pili ya kurekebisha ya kwanza.

Nachukulia mnatumia PostgreSQL. Ndani ya psql, amri yoyote usiyoitanguliza na BEGIN inathibitishwa yenyewe mara tu inapokamilika. Ulipoandika ROLLBACK, hapakuwa na muamala uliobaki wazi wa kutenguliwa. Bila shaka uliona hivi:

```
UPDATE 48213
ROLLBACK;
WARNING:  there is no transaction in progress
ROLLBACK
```

Neno la mwisho ndilo linalodanganya watu. Linaonekana kama jibu la "tayari", wakati ukweli uko kwenye mstari wa WARNING.

Najua unavyojisikia, maana idadi hiyo ya 48213 ni yangu. Ilikuwa Machi 2019, kwenye kampuni ya tiketi za mabasi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Skripti yangu iligeuza kila namba ya simu kuwa sifuri kumi, ili ujumbe wa majaribio usiwafikie abiria wa kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimeweka `DATABASE_URL` ya prodakshoni kwenye terminali ili kuangalia ripoti, kisha nikaenda kunywa chai. Niliporudi niliendesha skripti kwenye dirisha lilelile. Hifadhidata ya majaribio ilikuwa na wateja 200 hivi, kwa hiyo nilipoona elfu arobaini na nane, mikono ilikufa ganzi.

Kiongozi wangu hakunigombeza. Kwanza alisimamisha huduma ya kutuma SMS, ili tiketi zisiendelee kwenda kwenye namba isiyokuwepo. Kisha akaniuliza, "Saa ngapi hasa?" Nikamwambia saa tano na dakika 42. Akaandika kwenye karatasi: saa 5:42, 11:42, 08:42. Ya kwanza ni ya mdomoni mwetu, ya pili ya kompyuta yangu, ya tatu ya seva inayosoma UTC. Ukichanganya hizo tatu, utarudisha hifadhidata hadi wakati ambao kosa limeshatokea, au utaifikisha nyuma mno.

Tulikuwa na nakala kamili ya kila usiku pamoja na WAL, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, iliyohifadhiwa kwenye mashine nyingine. Tukaifufua nakala hiyo kwenye seva ya pembeni na kuiamuru isimame sekunde chache kabla ya kosa:

```
recovery_target_time = '2019-03-14 11:41:30+03'
```

Hatukuiweka nakala hiyo badala ya prodakshoni, na hapa ndipo wengi hukosea mara ya pili. Tiketi ziliendelea kuuzwa baada ya 11:42, na kurudisha hifadhidata nzima kungezifuta zote. Tulichukua safu mbili tu, id na simu, tukazileta prodakshoni kama jedwali la muda, kisha:

```sql
BEGIN;
UPDATE wateja w SET simu = z.simu
FROM wateja_zamani z
WHERE w.id = z.id
  AND w.simu = '0000000000';
```

Sharti la mwisho linamlinda mteja aliyebadilisha namba yake baada ya kosa. Jibu lilikuwa `UPDATE 48206`, pungufu saba. Kabla ya COMMIT tuliwatafuta wale saba: walikuwa wamesahihisha namba wenyewe pale kwenye dirisha la tiketi. Hapo ndipo tukathibitisha.

Kama nyinyi mna pg_dump ya usiku tu bila WAL, njia ni hiyohiyo, ila waliojisajili asubuhi hawamo ndani yake. Namba zao zitafutwe kwenye kumbukumbu za SMS au za malipo. Na hakikisheni faili la nakala lipo na linafunguka. GitLab, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao alipofuta data kwenye seva kuu akidhani ni ile ya akiba, waligundua kwamba pg_dump yao ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya toleo. Walipoteza data ya takriban saa sita.

Mkishamaliza, omba upewe mtumiaji wa prodakshoni mwenye ruhusa ya SELECT peke yake. Sisi tulifanya hivyo wiki ileile. Skripti yangu ingeendeshwa kwa mtumiaji huyo, ingekoma kwenye mstari wa kwanza:

```
ERROR:  permission denied for table wateja
```