Kisanduku kitupu si "Hapana"

Kuingiza madodoso ya karatasi kwenye kompyuta ni kazi nyepesi mpaka ufike kwenye swali lenye visanduku vingi. Umri unaandika, kijiji unaandika. Lakini kaya iliyotia alama kwenye visanduku viwili kati ya vitano unaiandikaje? Makarani wengi huandika "bomba, kisima" ndani ya seli moja na kusonga mbele. Siku ya kuchambua ikifika, seli hizo hazihesabiki, maana mmoja kaandika "bomba/kisima", mwingine "Kisima na bomba", na wa tatu "bomba la jirani".

Dawa yake inajulikana: kila kisanduku kipewe safu yake, 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana. Shida inayobaki ni kwamba kisanduku kisicho na alama kinaweza kuwa na maana tatu. Huenda mhojiwa alisikia swali akajibu mengine na hilo akaliacha makusudi: hiyo ni 0. Huenda swali halikumhusu, kwa kuwa jibu la swali lililotangulia lilimtaka mdodosaji aruke. Au huenda swali zima liliachwa bila jibu. Mimi hutumia 8 kwa aliyerukishwa na 9 kwa asiyejibu, na sikubali karani yeyote aweke 0 mpaka ajue ni ipi kati ya hizo tatu.

Tuchukue mfano. Tuseme una madodoso 120 ya kaya. Swali la 15 linauliza kama kaya hutibu maji kabla ya kunywa. Wanaojibu ndiyo wanaendelea na swali la 16: A kuchemsha, B dawa ya klorini, C kuchuja kwa kitambaa, D kuanika juani kwenye chupa, E njia nyingine. Kaya 70 zimesema ndiyo, 44 zimesema hapana, na 6 hazikujibu swali la 15. Katika zile 70, kaya 4 zina visanduku vitupu vyote vya swali la 16. Zilizotia alama kwenye A ni 33.

Je, kaya ngapi huchemsha maji? Ukijaza 0 kila penye utupu, utapata 33 kwa 120, yaani asilimia 27.5, nayo si jibu la swali lolote. Ukitaka kujua wanaotibu maji wanatumia njia gani, unagawa kwa 66 zilizojibu, unapata asilimia 50. Ukitaka kujua hali ya kaya zote, zile 44 zinaingia kama 0, kwa sababu asiyetibu maji hachemshi. Hapo ni 33 kwa 110, asilimia 30. Kaya 10 ambazo jibu lao halijulikani zinabaki nje ya mahesabu yote mawili. Ndiyo maana 8 haichanganywi na 0 wakati wa kuingiza: kuigeuza 8 kuwa 0 baadaye ni rahisi, lakini kuitoa ndani ya rundo la sifuri hakuwezekani bila kurudi kwenye karatasi.

Kabla hujafika kwenye kompyuta, kuna alama zenyewe. Shuleni sote tulizoea vema kuwa sahihi na mkasi kuwa kosa, kwa hiyo mtu akiweka X kwenye kisanduku, usikimbilie kuamua. Tazama dodoso zima. Likiwa na X peke yake, huyo anachagua kwa X, na kila X ni 1. Likiwa na vema na X pamoja, mara nyingi X yake ni kukataa. Vema lililorefuka likagusa visanduku viwili, mimi huangalia pembe ya chini pale kalamu ilipogeuka. Kisanduku chenye pembe hiyo ndicho kilichochaguliwa. Alama iliyofutwa kwa mistari haihesabiwi. Mtu aliyeandika maneno kwenye "njia nyingine" bila kutia alama, mpe 1, na maneno yake yawe na safu yao.

Kuna dodoso lingine lenye Ndiyo na Hapana kwa kila mstari, na hilo ndilo linalosumbua zaidi. Unakuta Ndiyo tatu zimetiwa alama, na mistari miwili haina kitu. Panga madodoso kwa jina la mdodosaji. Ikiwa yeye hatii alama ya Hapana hata mara moja katika rundo lake lote, basi utupu wake ni mazoea, nao ni 0, na ukimpigia simu atakuambia hivyo hivyo. Ikiwa kwa kawaida hutia Hapana, utupu huu amesahau: ni 9. Uamuzi wowote uandikwe pembeni ya swali kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kugusa alama ya mdodosaji, na kanuni ziandikwe kwenye karatasi moja inayokaa mezani kwa makarani wote.

Kwenye kuingiza ndani ya Excel, sipendi karani aandike 1 na 0 mara tano kwa kila swali. Jicho huchoka, safu zikasogea. Anaandika herufi alizoziona, katika safu C: `AC` kwa mfano, `R` kwa aliyerukishwa, `Z` kwa asiyejibu. Kisha katika D1 hadi H1 naweka herufi A hadi E, na kwenye D2 naandika hii, halafu naivuta kulia na chini:

```
=IF($C2="","",IF($C2="Z",9,IF($C2="R",8,IF(ISNUMBER(SEARCH(D$1,$C2)),1,0))))
```

Tumia herufi, si namba. Machaguo yakifika 10, fomula inayotafuta 1 itaiona pia ndani ya 10, na `1-3` inaweza kugeuzwa kuwa tarehe na Excel yenyewe mbele ya macho yako.

Mstari wenye sifuri tupu katika safu zote tano unatiliwa shaka hapo hapo, maana karani ameandika herufi isiyokuwepo, kama `F`. Unaukamata hivi:

```
=IF(SUM(D2:H2)=0,IF($C2="","","ANGALIA"),"")
```

Ukiwa na makarani wawili walioingiza madodoso yale yale, linganisha safu za 1 na 0, si safu C. Mmoja ataandika `AC` na mwingine `CA`, na wote wako sahihi.

Asilimia usiitafute kwa `AVERAGE`, kwa kuwa 8 na 9 zitaingia kwenye wastani na utaona kaya zinazochemsha maji zimezidi asilimia 100. Hesabu 1 na 0 tu:

```
=COUNTIF(D2:D121,1)/(COUNTIF(D2:D121,1)+COUNTIF(D2:D121,0))
```

Kwa mfano wetu hiyo inatoa 0.5. Kwa kaya zote, ongeza `COUNTIF(D2:D121,8)` ndani ya mabano ya chini. Lakini hakikisha kwanza kwamba zile kaya 6 zisizojibu swali la 15 zimepewa `Z` katika swali la 16, si `R`. Makarani hupenda kuzipa `R` kwa sababu swali la 16 ni tupu kabisa, na ukiwaachia, 30 yako itashuka kuwa 28 na kitu bila kelele yoyote. Chuja safu ya swali la 15 ubakize 9 peke yake, uone kilicho mbele yake.