Kwa nini injini ndogo ya tabo hubana mafuta tambarare na kuyala mlimani

Wanasema injini ya lita 1.4 yenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inabana mafuta. Itabanaje wakati nguvu yake ni sawa na ya injini kubwa?

Kwa sababu muda mwingi wa safari nguvu hiyo huitumii. Golf ya 1.4 TSI ya farasi 122 inatoa tokiu, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 200 kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, kiasi ambacho injini nyingi za 2.0 zisizo na tabo hukifikia kwa taabu na kwa mizunguko ya juu. Lakini kwenye tambarare, kwa kilomita 80 kwa saa, gari linataka sehemu ndogo tu ya hiyo tokiu. Injini ya 2.0 hapo lazima ibanwe: kilango cha hewa kinafungwa kwa sehemu kubwa, na pistoni zinabaki kunyonya kama mtu anayevuta uji mzito kwa mrija. Kazi hiyo unailipia kwa petroli.

Tuseme 2.0 inakwenda na presha ya kPa 50 ndani ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ili 1.4 ipate hewa ileile kwa mizunguko ileile, itahitaji kama kPa 70, kwa hiyo kilango kimefunguka zaidi na kunyonya kumekuwa kwepesi. Pistoni zake ndogo nazo zina msuguano mdogo. Tabo yenyewe wakati huo karibu imekaa bure. Kinachobana mafuta ni udogo wa injini. Tabo imewekwa ili usiulaani udogo huo unapotaka kulipita lori.

Nikipanda Kitonga na watu watano na mizigo, Golf yangu ya 1.4 inakula kuliko 2.0 ya shemeji. Tabo imekufa?

Ingekuwa imekufa, ungepanda kwa kujikokota. Tatizo ni kwamba iko kazini kwelikweli.

Mguu ukizama, tabo inasukuma hewa nyingi kwenye silinda, na hewa iliyogandamizwa huwa ya moto hata ikipitia intakula, kipoza hewa cha tabo. Mchanganyiko ukichemka mno hulipuka wenyewe kabla ya wakati. Ndiko kugonga kwa injini. Kompyuta inajikinga kwa kuchelewesha cheche ya plagi. Cheche ikichelewa, joto ambalo lingesukuma pistoni linatoka na moshi. Isitoshe, kwa sababu ya kuogopa kugonga, mgandamizo wa injini hii tangu kiwandani ni 10 kwa 1, wakati baadhi ya injini za kisasa zisizo na tabo zinafika 13.

Sasa moshi umekuwa wa moto kiasi cha kuhatarisha feni ya tabo. Kwa hiyo mlima ukiendelea na mizunguko ikiwa juu, kompyuta inamwaga petroli ya kupoozea. Kwa kawaida kilo 1 ya petroli huchomwa na kilo 14.7 za hewa. Ikishushwa hadi 12, hewa ileile inapewa petroli zaidi kwa kama asilimia 22, na ziada hiyo haipati oksijeni ya kuichoma. Inafyonza joto, kisha inatoka kwenye ekzosi ikiwa pesa yako.

Nitajuaje kama ni mlima au ni ubovu?

Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, uangalie MAP, yaani presha ya hewa ndani ya manifodi, kabla ya kuwasha injini. Wakati huo ni sawa na presha ya nje: kama kPa 101 Dar, kama 83 Nairobi. Barabarani, MAP ikiwa chini ya namba hiyo, tabo haijaanza kusukuma. Ikiipita, tabo inasukuma.

Ukiona inaipita hata kwenye tambarare kwa mwendo wa pole, kuna kitu kinalishika gari. Anza na breki zinazobana na upepo wa matairi. Ukikanyaga mpaka chini, presha ikapanda kidogo tu huku ukisikia mluzi au hewa ikivuja, kagua mipira ya kwenda intakula na klipu zake. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Usikimbilie kununua tabo mpya kabla ya kukagua mipira.

Na dizeli?

Hii hadithi si yake sana. Dizeli haipunguzi nguvu kwa kubana hewa, inapunguza mafuta, na hata kwenye mzigo hubakiwa na hewa ya ziada. Haihitaji kumwagiwa mafuta ya kupoozea.

Niendesheje nikiwa na mzigo?

Punguza mwendo kwanza. Kushuka kutoka 100 hadi 70 mlimani kunaondoa sehemu kubwa ya kazi. Kisha shusha gia injini izunguke 2,500 hadi 3,000. Kukanyaga mpaka chini kwenye mizunguko 1,500 ndiko kunakoalika kugonga. Ukisimama tu baada ya kupanda, iache injini isailensi, yaani izunguke bila kukanyagwa, kama dakika 1 kabla ya kuzima, maana oili ikisimama ndani ya tabo yenye moto inageuka masizi kwenye beringi.