Mwenzenu akihama, badilisheni waifai bila kununiana

Mwenzetu alihama nyumba yetu hapa Ntinda, akapanga chumba ploti ya jirani. Ukuta mmoja tu katikati, na waifai yetu inamfikia hadi kitandani. Hatuna ugomvi naye. Ila tulikuwa wanne tukichanga 30,000 kila mmoja, sasa tumebaki watatu na mchango ni 40,000, huku simu yake ikiendelea kujiunga yenyewe.

Kubadilisha neno la siri ni dakika chache. Kazi iko kwenye ujumbe. Kabla ya kuuandika, angalieni nani bado yumo kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Aliyehama huwa haondoki humo, na kusoma habari zake pamoja na wengine kunauma. Mimi nilimpigia kwanza. Akacheka, akasema alikuwa anashangaa tumechelewa. Ndipo nikawaandikia waliobaki, kila mtu kwake:

"Habari za mchana, ndugu zangu. Leo saa tatu usiku nabadilisha neno la siri la waifai. Mwenye mkutano muda huo aniambie tusogeze. Jina la mtandao halibadiliki, kwa hiyo simu ikigoma, bonyeza jina letu kwenye orodha ya mitandao, chagua Forget, uunganishe upya. Neno jipya nimelibandika ndani ya kabati la jikoni. Mgeni akiliomba, tuulizane kwanza. Mchango sasa ni 40,000."

Hiyo sehemu ya Forget msiiache. Simu hung'ang'ania neno la zamani, mtu anadhani mtandao umekufa, anaenda kuzima na kuwasha ruta, na wote mnakatika. Neno lenyewe liwe refu lakini la herufi za kawaida. Ruta haikubali chini ya herufi 8, na runinga mtaiandikia kwa rimoti, herufi moja moja. Alama za ajabu zitawatesa.

Kuna neno la pili ambalo wengi hulisahau: la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ule ukurasa wa 192.168.1.1 au anwani iliyoandikwa chini ya ruta. Kama aliyehama ndiye aliyeifunga ruta, muombeni neno hilo, mlibadilishe pia. Msikimbilie kitufe cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani, maana kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri ambalo baadhi ya kampuni hutumia kuwaunganisha. Mtabaki gizani hadi fundi apatikane.

Na ikiwa ruta inatumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, nunueni laini nyingine kwa jina la mmoja wenu. Laini ile ni yake, anaweza kuirudisha kwenye simu yake siku yoyote.

Mkimaliza, fungueni orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ukurasa huohuo. Yetu ilionyesha simu tatu na kompyuta moja. Runinga ilijiunga kesho yake, betri za rimoti zilipopatikana.