Baada ya usaili wa mwisho, kimya

"Nilifanya usaili wa mwisho Posta wiki iliyopita Jumatatu. Afisa ajira aliahidi jibu ndani ya wiki moja; leo ni Jumatano na simu haiachi mkono wangu. Nimpigie? Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, bado kuikabidhi."

Pole sana ndugu yangu. Mara nyingi afisa ajira si mwamuzi: baada ya usaili husubiri mkurugenzi aidhinishe mshahara, au mtu aliyeshika nafasi ya kwanza akubali masharti, na hilo la pili hakuna atakayekuambia. Waulize wadhamini wako kama wamepigiwa simu, kwani wakiwa wamepigiwa, huenda jina lako bado liko mezani.

Usipige simu. Kesho asubuhi tuma barua pepe moja fupi: "Habari za kazi. Nilihudhuria usaili wa mwisho Jumatatu ya wiki iliyopita, na bado naihitaji nafasi hii. Naomba kujua uamuzi unatarajiwa lini." Asipojibu ndani ya siku tano za kazi, endelea kuomba kwingine.

Barua ya kuacha kazi iweke kabatini hadi mkataba usainiwe na pande zote mbili. Kwa anayelipwa kila mwezi, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, hivyo mwajiri mpya anayekuhitaji atakusubiri.

Akijitokeza mtu kudai pesa ya "kuharakisha faili", usitume hata senti. Thibitisha kwa kufika ofisini mwenyewe.