Mbps zinatosha lakini gemu linakwama: pima pingi kwanza

"Wakuu, nipo Dar, nina fiba ya Mbps 20. Nacheza gemu za klaudi kwenye simu, ila kidole kinatangulia ndipo gemu linafuata, na mara picha inageuka vijiboksi. Nikipima spidi napata 20 kamili, Netflix haikwami. Shida nini?"

Mkuu, hapo una shida mbili tofauti, na hakuna hata moja inayotokana na hizo Mbps. Xbox Cloud Gaming wanashauri Mbps 10 kwa simu, GeForce NOW wanataka 15 kwa picha ya 720p. Unazo.

Gemu lenyewe linaendeshwa kwenye seva. Ukigusa skrini, mguso unasafiri hadi kule, seva inachora picha mpya, inaibana kuwa video na kuirusha, kisha simu inaifungua. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 17 tu. Netflix hupakua mapema sehemu ya filamu inayofuata, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo hujui. Gemu haliwezi kuweka akiba, maana fremu ijayo inategemea kidole chako ambacho bado hakijagusa.

Tuanze na vijiboksi. Video ya Mbps 10 ikigawanywa kwa fremu 60, kila fremu ina kilobaiti 21 hivi, yaani pakiti kama 15. Fremu nyingi hazibebi picha nzima, zinabeba mabadiliko tu tangu fremu iliyopita. Pakiti moja ikipotea, fremu hiyo inaharibika na zinazofuata zinarithi uharibifu mpaka seva itume marekebisho. Kipimo cha spidi hakikuonyeshi haya kwa sababu kinatoa wastani wa sekunde kadhaa. Mtandao ukinyamaza kwa milisekunde 300, wastani hautikisiki, lakini kwenye gemu fremu 18 zimeshapita.

Kwangu mchawi alikuwa waifai, si kampuni ya fiba. Weka Termux, app ya kuandika amri, kwenye simu, kaa pale unapochezea, kisha pima pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi, hadi kwenye ruta yako mwenyewe (anwani yako inaweza kuwa tofauti):

```
ping -c 100 192.168.1.1
```

Chumbani nilipata hivi:

```
rtt min/avg/max/mdev = 2.1/31.4/402.7/58.9 ms
```

Hiyo ni safari ya kuvuka kuta mbili tu! Usidanganywe na wastani wa 31. Angalia 402 na ile namba ya mwisho, inayoonyesha pingi inavyorukaruka. Nilikuwa kwenye masafa ya GHz 2.4, ambayo majirani wote wa ghorofa wanayagombania. Nilipohamia GHz 5 (kwenye ruta nyingi jina lake huishia na 5G, halihusiani na 5G ya laini ya simu) na kusogea sebuleni, kubwa kabisa ilishuka chini ya 20. Vijiboksi vikaisha.

Ruta ikiwa safi, rudia kipimo kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako, huku mtu mwingine ndani ya nyumba akipandisha video. Pingi ikipaa, foleni iko kwenye njia ya kupandisha: miguso yako ni midogo sana, lakini inasubiri nyuma ya ile video. Zima bekapu ya picha wakati wa kucheza, au kama ruta yako ina mpangilio wa QoS, ipe simu yako kipaumbele.

Sasa kile kidole kutangulia. Hiki hata ruta ya milioni haikitibu. Mwanga ndani ya fiba huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Kama seva iko Ulaya na kebo ya kupitia Bahari ya Shamu ina, tuseme, kilomita 9,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 90 hata kabla ya ruta yoyote njiani, na kwa kweli utaona zaidi. GeForce NOW wanataka chini ya 80, na 40 ndiyo wanayopendekeza. Kwa hiyo fungua mipangilio ya huduma yako uone unaunganishwa na seva ya wapi. Kama kuna ya Afrika Kusini, chagua hiyo. Umbali unapungua sana. Kama hakuna, mpira na ngumi achana navyo, utafungwa kila siku. Gemu za zamu kwa zamu, karata au za kujenga miji zinachezeka vizuri hata kwa pingi ya 150, mradi iwe imetulia palepale.

Na usijaribu haya kwa bando la simu bila kupiga hesabu: Mbps 10 mfululizo ni GB 4.5 kwa saa.